Kupanga Posti za Biashara: Kalenda ya Ndani au Programu ya Nje?

Haya ni mazungumzo ya afisa wa biashara wa kaunti kwa wafanyabiashara wadogo waliokutana ukumbini. Tumeyachapisha hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma, viti vipo huku mbele.

Nimekuja kujibu swali ambalo huulizwa karibu kila wiki pale ofisini. Mtu ana biashara ndogo, ana ukurasa wa Facebook na akaunti ya Instagram, na amechoka kuacha kazi kila jioni ili aweke picha. Amesikia kwamba posti zinaweza kupangwa Jumapili moja zikajitoa zenyewe wiki nzima. Ndipo anauliza: nitumie ile kalenda iliyomo ndani ya Facebook yenyewe, au nichukue programu ya kampuni nyingine inayofanya kazi hiyo?

Zote mbili zipo na zote hufanya kazi. Kalenda ya ndani inaitwa `Meta Business Suite`. Ni ya wenye Facebook na Instagram wenyewe, haina malipo, na inapatikana kwa simu na kwa kompyuta. Programu za nje ni nyingi. Mtasikia majina kama Buffer, Hootsuite na Later. Hizo ni kampuni zinazoomba ruhusa kwako, kisha zinaingia Facebook, Instagram au TikTok kwa niaba yako na kuweka posti. Mkumbuke neno hilo, ruhusa, kwa sababu shida nyingi nitakazosimulia zinatokana nalo.

Nitawaeleza kwa mfano wa mama mmoja anayeoka keki. Ameniruhusu nimsimulie, mradi nisimtaje jina.

Mama huyu huweka posti tatu kwa wiki. Jumatatu ni picha ya keki alizotoa wiki iliyopita, Jumatano ni video fupi ya jikoni, na Ijumaa ni bei na siku ya mwisho ya kupokea oda. Mwaka mmoja kabla ya Ramadhani mpwa wake alimfungulia programu ya nje, akaiunganisha na kurasa zake, na mambo yakaenda vizuri. Posti zilitoka, naye akaendelea na unga wake.

Katika kumi la mwisho alipokea ujumbe wa kumtisha kwamba kuna mtu anajaribu kuingia kwenye Facebook yake. Akafanya jambo la busara kabisa: akabadilisha nenosiri, ile pasiwadi. Asichojua ni kwamba ukibadilisha nenosiri la Facebook, ruhusa ulizozipa programu za nje zinaweza kukatika papo hapo. Zilikatika. Kalenda yake ilikuwa na posti nne za oda za Idi, na hata moja haikutoka. Ile programu ilituma barua pepe kusema kwamba imeshindwa kuingia na inaomba iunganishwe upya, lakini barua hiyo ilikwenda kwa anwani ya yule mpwa, aliyekuwa amesharudi chuoni na hafungui barua pepe ile.

Mama alikuja kugundua siku tatu kabla ya Idi, kwa sababu simu ilikuwa kimya. Akanipigia: "Afisa, mbona mwaka huu watu hawali keki?" Nikamwambia, "Mama, hebu fungua ukurasa wako kama mteja, utazame posti ya mwisho ni ya lini." Ilikuwa ya siku kumi nyuma. Mayai na siagi alikuwa ameshanunua.

Sisemi programu ile ilikuwa mbaya. Ilifanya ilichotakiwa kufanya, ilituma taarifa. Kosa lilikuwa kwamba taarifa ilikwenda kwa mtu ambaye si mwenye biashara. Kalenda ya ndani nayo hushindwa, kwa mfano video ikiwa na umbo lisilokubalika, lakini taarifa hukujia mahali pale pale unapojibu wateja kila siku. Kwa mtu mmoja anayefanya kila kitu mwenyewe, hiyo ni tofauti kubwa kuliko rangi na mapambo yote ya programu hizi.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mtu halihusu uzuri wa programu. Namuuliza: unauzia wapi?

Kama unauzia Facebook na Instagram tu, sioni sababu ya kutoka nje. Kalenda ya ndani inatosha. Utahitaji mambo mawili. Akaunti yako ya Instagram iwe ya kibiashara, na kuibadilisha ni bure. Ingia kwenye mipangilio, tafuta `Account type and tools`, kisha `Switch to professional account`. Halafu uiunganishe na ukurasa wako wa Facebook. Ukishafanya hivyo, ndani ya `Meta Business Suite` unabonyeza `Create post`, unachagua itoke Facebook, Instagram au zote mbili, unaweka picha na maneno, unachagua tarehe na saa, na unamaliza kwa `Schedule`. Ukitaka kuona ulichopanga, fungua `Planner`. Ni kalenda ya kawaida, kila posti iko kwenye siku yake.

Hata ndani ya Instagram yenyewe unaweza kupanga bila kwenda kokote. Inakuruhusu posti 25 kwa siku, mpaka siku 75 mbele. Yule mama anaweka tatu kwa wiki. Hatafika mpaka huo kamwe, na ninyi pia hamtafika.

Mambo hubadilika unapoongeza mahali pa tatu. Yule mama alipoanza TikTok, kalenda ya ndani ya Facebook haikuweza kumsaidia huko. TikTok ina kalenda yake, kwenye `TikTok Studio`. Sasa akawa na nyumba mbili, kila moja na mlango wake, na video ile ile akaiweka mara mbili. Hapo ndipo programu ya nje inapoanza kuwa na faida: unaandika mara moja, inatoka kote. Faida ya pili ni pale mnapokuwa watu wawili, mmoja anaandaa na mwingine anakagua kabla haijatoka. Nje ya sababu hizo mbili, nyingi ninazozisikia ni za kuvutiwa na matangazo ya hizo programu.

Tufanye hesabu, maana wengi mko hapa kwa sababu ya pesa.

Tuchukue mpango wa bure wa Buffer. Unakuruhusu kuunganisha akaunti tatu, na kila akaunti iwe na posti kumi zinazosubiri. Posti ikitoka, nafasi inafunguka tena. Kwa posti tatu kwa wiki, kumi zinamfikisha mama yetu wiki tatu na siku. Facebook, Instagram na TikTok ni akaunti tatu. Basi mpango wa bure unamtosha, na hana haja ya kutoa hata shilingi. Lakini akiongeza akaunti ya nne, au akitaka kupanga mwezi wote wa Ramadhani kwa mkupuo mmoja, atagonga mwamba na kuambiwa alipie.

Sasa tuseme programu inatoza dola 6 kwa kila akaunti kwa mwezi. Akaunti tatu ni dola 18. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 130, hiyo ni shilingi 2,340. Huduma za mtandaoni kutoka nje zinatozwa VAT ya asilimia 16 hapa Kenya, kwa hiyo inafika kama shilingi 2,714. Kama faida yako kwa keki ya kilo moja ni shilingi 400, keki saba za kwanza za kila mwezi umeokea programu. Labda inafaa. Kama inakuokolea saa tano za kazi kwa wiki, inafaa sana. Kama unaposti mara tatu kwa wiki, haikuokolei saa tano.

Na kuna malipo yanayojirudia. Programu nyingi hukupa siku kadhaa za kujaribu bure, lakini wanataka namba ya kadi kwanza. Siku zikiisha wanakata bila kukuuliza tena. Ukitumia kadi ya benki au ile ya M-Pesa GlobalPay, andika ukutani tarehe ya mwisho ya majaribio, usiiache kichwani. Na neno bure nalo lina mwisho wake. Hootsuite ilikuwa na mpango wa bure uliotumiwa na watu wengi kwa miaka, ukafungwa mwaka wa 2023. Waliokuwa wamehifadhi maneno na picha zao mle ndani tu walikuwa na kazi ya kuhama. Kwa hiyo picha zako na maneno yako yabaki kwenye simu yako, hata kama ni kwa kujitumia mwenyewe kwenye WhatsApp.

Niende kwenye saa. Hapa ndipo Waswahili tunapoumia, na hakuna maelekezo ya kampuni yoyote yatakayokuonya.

Sisi tukisema saa moja jioni, simu inaandika `7:00 PM`. Yule mama, mara ya kwanza kabisa, alitaka posti itoke saa moja jioni watu wakiwa wametulia. Akaandika `1:00 PM`. Ikatoka saa saba mchana watu wakiwa kazini, na yeye akadhani wateja hawakuipenda. Kwa hiyo unapopanga, ongeza au punguza saa sita, kisha angalia ile `AM` na `PM`. Inayowashinda wengi ni saa sita: saa sita mchana ni `12:00 PM`, saa sita usiku ni `12:00 AM`. Ukizikosea hizo mbili, ofa yako ya chakula cha mchana itatoka watu wakiwa wamelala.

Kwenye programu ya nje kuna mtego wa pili. Hizo kampuni zina wateja dunia nzima, na kila akaunti ina mpangilio wa saa za nchi. Ikiwa yako imewekwa London, posti uliyoiandikia `7:00 PM` itatoka huku saa nne usiku. Na kwa kuwa Waingereza husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka nasi hatusogezi, kuna miezi itatoka saa tatu usiku. Utaona posti zinazunguka bila sababu. Tafuta mpangilio unaoitwa `Timezone`, uchague Nairobi. Halafu jaribu: panga posti moja ya kawaida itoke kama nusu saa ijayo, weka simu mezani, utazame kama itatoka kwa wakati. Jaribio hilo ni la dakika thelathini, na linaonyesha saa ikikosewa na ruhusa ikikatika kwa pamoja.

Mtu hapa ameuliza kuhusu video na muziki. Ni swali zuri. Ile nyimbo unayoichagua ndani ya Instagram wakati wa kuweka video, programu ya nje haiwezi kukuchagulia. Inatuma video ikiwa na sauti iliyomo tayari. Kwa sababu hiyo programu nyingine zina njia ya ukumbusho. Kwa Buffer inaitwa `Notify Me`. Wakati ukifika, simu yako inalia, unafungua Instagram, unaongeza wimbo na kumalizia mwenyewe. Inafanya kazi, ila haijitoi yenyewe, na kama mikono iko kwenye unga itasubiri. Yule mama aliamua video za Jumatano arekodi na sauti ya jikoni, kijiko kikigonga bakuli na yeye akieleza. Mimi naona zimekuwa nzuri kuliko zile za muziki, lakini hayo ni maoni yangu.

Sasa jambo ambalo sisi wa Pwani tunalijua vizuri. Posti ya Idi unaipanga lini? Mwezi hauonekani kwa kalenda ya Facebook. Ukipanga "Idi Mubarak, duka limefungwa leo" itoke Ijumaa asubuhi, na Alhamisi usiku mwezi haukuandama, utakuwa umewatakia watu Idi wakiwa wamefunga. Wataitazama na kucheka, na wengine hawatacheka.

Ndiyo maana nasema: usichague chombo kwa urahisi wa kupanga tu, kichague pia kwa urahisi wa kusimamisha. Kwenye `Meta Business Suite` unafungua `Planner`, unaigusa posti, unabadilisha tarehe au unaifuta, kwa simu, kwa dakika moja. Ila unazigusa moja moja. Programu ya nje inaweza kuwa na njia ya kusimamisha foleni yote kwa mara moja, na Buffer inayo. Kama huwa unapanga posti chache, moja moja inatosha. Kama una posti thelathini na kumetokea msiba mkubwa au mafuriko, hutaki kukaa unazitafuta moja baada ya nyingine huku ofa zako za furaha zinaendelea kutoka. Bei nayo ni hivyo hivyo. Sukari ikipanda Jumanne, posti ya Ijumaa bado ina bei ya zamani, na mteja atakuja na picha yake kwenye simu. Yule mama sasa hapangi posti ya bei zaidi ya wiki moja mbele. Picha na video anazipanga hata mwezi.

Nirudi kwenye ruhusa, kisha niwaachie.

Programu ya nje iliyo halali haikuombi uandike nenosiri lako la Facebook kwenye fomu yake. Inakupeleka kwenye ukurasa wa Facebook wenyewe, na hapo ndipo unapokubali. Ukiona fomu inayotaka nenosiri lako la Instagram moja kwa moja, toka. Na ruhusa ulizozitoa unaweza kuzitazama na kuziondoa wakati wowote: kwenye mipangilio ya Facebook tafuta `Business integrations`, na kwenye Instagram tafuta `Website permissions`, kisha `Apps and websites`. Tulipofungua kwa yule mama tulikuta tatu. Moja ilikuwa ile ya mpwa, ya pili aliijaribu akaisahau, na ya tatu hakuijua kabisa. Tuliziondoa zote.

Mtu anayekusaidia pia asipewe nenosiri. Ndani ya `Meta Business Suite`, kwenye mipangilio, kuna sehemu ya `People`. Unamwongeza mpwa kwa akaunti yake mwenyewe, unampa ruhusa ya kuweka posti tu, na siku akiondoka unamtoa bila kubadilisha chochote. Na ukitumia programu ya nje, anwani ya barua pepe iliyosajiliwa iwe yako, ile inayolia kwenye simu yako.

Kuhusu WhatsApp, kwa kuwa naona mikono. Programu za nje nilizozitaja si za kukuwekea stetasi, na msije mkashawishiwa kuweka zile WhatsApp za kubandika zinazoahidi kila kitu. WhatsApp huzifungia namba zinazotumia programu zisizo zake, na namba hiyo ndiyo wateja wako wanayo. WhatsApp Business ya kawaida ina ujumbe wa kukaribisha na ujumbe wa kusema haupo, hizo tumieni. Kwa stetasi, wekeni kengele ya simu.

Yule mama, mkitaka kujua alipoishia: Facebook na Instagram anapanga kwa kalenda ya ndani, Jumapili baada ya alasiri, na anachukua kama dakika arobaini. TikTok anaweka mwenyewe Jumatano, video ile ile. Programu ya nje hana. Amesema akifungua duka la pili na kuajiri mtu wa kushughulikia simu, ataifikiria tena, na mimi nakubaliana naye. Asubuhi ya kila Jumatatu, kabla hajawasha jiko, anafungua ukurasa wake kama mteja aone kama posti imetoka.

Sasa tusogee kwenye zile meza mbili. Ya kulia ni ya wanaotaka kubadilisha Instagram kuwa ya kibiashara, ya kushoto tutatazama ruhusa. Muwe na simu yenye chaji, na nenosiri mlijue wenyewe, msimpigie mtoto kumuuliza.